Damu ya Mzee Kwenye Kioo

Mume wangu alikufa kwa malale, na damu yake ikabaki zahanati kwenye kipande cha kioo. Wajukuu zangu wakisikia hivyo wanakunja sura. Wakunje tu. Bila kile kioo baba yao angelala kaburini pembeni ya babu yao, na wao wasingezaliwa wa kunikunjia sura.

Mzee alikuwa mrina asali. Mizinga yake ilikuwa Ugalla, ndani kabisa, kwenye mbung'o wanaouma juu ya shati na kupenya. Alipoanza kusinzia mchana kijiko kikiwa mkononi, tulimcheka. Tulipoacha kumcheka alikuwa hawezi tena kumeza uji. Tukampeleka zahanati pale Mpanda, mpimaji akamtoboa kidole, akatazama kwenye darubini, ile mashine yao ya kuonea wadudu wa kwenye damu.

"Mama," akaniambia, "wamejaa kama viluwiluwi kwenye dimbwi."

Tulikuwa tumechelewa. Tulimzika Nsemulwa, kiwanjani kwetu.

Mpimaji alikuja msibani. Alisimama kando mpaka watu wakapungua, ndipo akaniambia anaomba kukiweka kile kioo chenye damu ya mzee. Alishaipaka rangi ya zambarau ili wadudu waonekane, ilikuwa imekauka.

"Cha nini?" nikamuuliza.

"Cha kuijaribia darubini, mama. Ikisafiri inagongwagongwa. Ikikaa stoo masika inaota kuvu kwenye lenzi. Ukiitazama kwa nje ni nzima, inang'aa. Sasa nikiweka damu ninayojua ina wadudu, nikawaona, naiamini. Nisipowaona, kipofu ni mashine."

Shemeji zangu walinung'unika, eti damu ya marehemu haiachwi kwa watu. Nikawaambia nyie mlimwacha yeye mzima mzima akiumwa, leo mnalilia tone? Nikampa ruhusa. Mume wangu alikuwa mtu wa kupenda kutambuliwa, akiingia kilabuni lazima wote wajue ameingia. Nikaona hiyo kazi inamfaa.

Mizinga akairithi mwanangu wa kwanza. Nilimkataza. Akaniuliza tutakula nini, akaondoka.

Mwaka uliofuata, masika, akarudi kutoka porini na homa. Akanywa klorokwini ya malaria, ikapoa, ikarudi. Halafu siku moja nikamkuta amekaa kwenye kigoda, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, amelala. Saa nne asubuhi. Sikulia. Nilikwenda kwa jirani kuazima baiskeli, tukamfunga kwa kanga nyuma asidondoke, tukaisukuma kwenye tope mpaka zahanati.

Kumbe darubini haikuwepo. Ilikuwa imepelekwa Sumbawanga kwa fundi, na ilirudi siku ileile tuliyofika sisi, juu ya lori la mahindi lililosafiri usiku kucha. Njia ile mnaijua. Mashimo yake yanang'oa meno. Na Sumbawanga ni baridi, watu wanavaa makoti mchana.

Mpimaji alilipokea sanduku lake akaliwekea kiganja. "Baridi kama jiwe la kisimani," akasema. "Lingekaa limefungwa kwanza mpaka lipate joto la hapa."

"Mgonjwa yule pale anakoroma," daktari wa zahanati akamwambia. "Fungua."

Akafungua. Mbele ya macho yangu ile mashine ikatoka jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Chuma chote kikalowa. Akaifuta kwa pamba, akaiweka dirishani kioo chake cha chini kichukue mwanga, akamtoboa mwanangu kidole. Mwanangu hakushtuka hata. Mpimaji akatazama sana, akisogeza, akitazama tena.

"Sioni kitu," akasema.

"Basi ni malaria sugu," daktari akasema. "Ile dawa ya malale inaua watu, siwezi kumpeleka mtu akachomwe kwa kubahatisha. Nitambadilishia vidonge, mama, arudi nyumbani."

Nikasema, "Daktari, huyu ana malale. Nimelala na malale kitanda kimoja, nayajua."

"Nakusikia, mama. Lakini wadudu hawapo."

Mpimaji alikuwa bado ameinama. Akavuta droo, akatoa kijisanduku, akachomoa kioo. Nilikijua kwa ile rangi yake ya zambarau.

"Ngoja nimuulize mzee," akasema.

Akakidondoshea mafuta, akashusha lenzi. Alipoinuka uso ulikuwa umebadilika.

"Mzee hayupo."

Nilikuwa mjane tangu mwaka uliotangulia, lakini neno lile lilinipiga upya.

"Hayupo vipi?" daktari akauliza.

"Naona ukungu mtupu, na mwanga umekaa upande kama mwezi mchanga. Wadudu wa mzee nawajua walipo. Kama siwaoni wale, niliposema siwaoni wa mtoto, sikusema kitu. Nafuta jibu langu."

Akaeleza kwamba maji yameshika ndani ya lenzi ambako pamba haifiki, na lori limekitingisha kile kikombe cha chini kinachokusanya mwanga. Kuiweka juani hapana, itapasuka gundi ya lenzi. Ilitakiwa ikauke taratibu, na hapakuwa na umeme wa kuwashia taa ya kuipasha joto ndani ya kabati.

"Una mchele?" akaniuliza.

"Unataka kula?"

"Nataka mchele mkavu, mama. Ukaange bila mafuta mpaka unyevu wote utoke, uupoze ukiwa umefunikwa, unifungie kwenye kitambaa, utavuta yale maji."

Nilikaanga mchele wa kuliwa msibani, ndivyo nilivyowaza nikiukoroga. Akaufungia sandukuni pamoja na mashine. Mwanangu tukamlaza kwenye benchi, mate yanamtoka, namgeuza kama mtoto mchanga.

Kesho yake asubuhi mpimaji alifungua. Unyevu ulikuwa umekwisha. Akachezea viskurubu viwili vya kile kikombe cha chini, kidogo kidogo, mpaka duara la mwanga likakaa katikati. Ndipo akamweka mzee.

Akacheka kwa sauti. "Shikamoo mzee!"

"Nipishe," nikamwambia. Nikafumba jicho moja. Nikaona vitu vya zambarau vimejipinda, vyembamba, na mkia. Ndio waliomuua mume wangu. Nilitaka kutema mate.

Akamtoboa mwanangu tena, tone bichi, halijakauka. Safari hii hakutazama sana. Aliniita. Chembe za damu zilikuwa zinasukumwasukumwa, na katikati yake nyoka wadogo wanahangaika, wazima.

Daktari alitoka kwenda kutafuta gari.

Hospitali kubwa walimchoma uti wa mgongo, wakakuta wadudu wameshapanda kichwani. Dawa yake ilivutwa kwa bomba la sindano la kioo, maana wanasema lile la plastiki inaliharibu. Sasa fikiria mshipa wa mtu. Alikuwa anapiga kelele ya mnyama, nimemkalia miguu. Kitanda cha pili alikuwepo kijana wa Katumba, dawa ileile, kaanza kutetemeka asubuhi, jioni wakamfunika shuka. Mama yake na mimi tulikuwa tunapikia jiko moja.

Wangu alirudi. Mikono inatetemeka mpaka leo, chai anamwaga nusu, na kwenye mzinga hajapanda tena.

Alipopata nguvu tulipita zahanati kushukuru. Mpimaji akasema rangi ya mzee imeanza kufifia, hatadumu. Alikuwa amekipaka rangi kioo cha mwanangu pia, akakiweka kando, hakutaka kukitumia bila kuuliza. Akanitazama mimi.

"Mwenyewe huyo hapo," nikasema. "Muulize."

Mwanangu alikuwa anapigana na kifungo cha shati. Alijibu polepole, ndivyo anavyoongea siku hizi.

"Weka. Ile damu mimi sina kazi nayo."