Tani Thelathini kwa Shule ya Kuusivaara

Wewe ungemnyima jirani yako riziki ili kumtendea haki mtu usiyemjua?

Mimi ningekataa kabla hujamaliza kuuliza. Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, msaidizi katika ofisi ya manunuzi ya wilaya yetu ndogo huku mashariki ya Ufini, na niliamini kwamba serikali isiyomlinda mnyonge wake haina kazi. Bosi wangu, Sirkka Moilanen, hakubishana nami. Alinipa barua nisome.

Ilikuwa ombi la bei. Shule ya Kuusivaara hupashwa joto kwa vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, na akiba yake ilikuwa inaisha. Sirkka aliwaandikia wauzaji wanne, kila mmoja peke yake, maneno yale yale: tani thelathini, unene milimita nane, unyevu usiozidi asilimia kumi, zipulizwe kwa bomba kwenye ghala la shule wiki ya mwisho ya Aprili, bei zifike Ijumaa saa sita mchana. Aliisoma mara tatu akifuata kila mstari kwa kidole. Miaka thelathini na moja alikuwa akisoma hivyo.

Mmoja wa wale wanne alikuwa Tauno Hiltula. Alisoma darasa moja na Sirkka, na kiwanda chake kidogo kiko kilomita sita kutoka ofisini. Alikuwa amebakiwa na mfanyakazi mmoja, Eero, na bila oda ile angemwachisha kazi kabla ya kiangazi.

Jumatano, saa ya kahawa, Tauno akaingia na viatu vyenye theluji.

"Sirkka, umezeeka wewe. Umesahau barabara."

"Barabara ipi?"

"Ya shule! Mwisho wa Aprili theluji ikiyeyuka inakuwa uji. Kila mwaka wanazuia gari la zaidi ya tani kumi na mbili. Hao wenzangu wa mjini watapiga hesabu ya malori yao makubwa, bei chini kabisa. Halafu watafikaje?"

Sirkka akaweka kikombe chini. "Kweli. Nimesahau."

"Basi. Zikifika bei zao, we' zikate tu. Mimi nina gari dogo."

"Nizikate kwa sharti ambalo sikuwaambia?"

"Mtu mzima anauliza barabara kabla ya kutaja bei!"

"Kosa ni langu, Tauno, si lao. Leo hii nawaandikia wote wanne."

Tauno alimtazama kama aliyemwagiwa maji. "Nimekuletea siri mkononi, unawapelekea maadui zangu?"

"Jina lako sitalitaja."

"Jina langu! Sirkka bwana, jina litanilipia mshahara wa Eero?"

Akatoka bila kugusa kahawa. Niliwaka. Nikamwambia Sirkka kwamba karatasi hazina watoto wa kulisha, watu ndio wanao.

"Na huyo muuzaji wa mji wa Kajaani hana?" akauliza, akaanza kuandika.

Barua ya pili iliwafikia wote dakika ile ile: kikomo cha uzito barabarani, na mwisho wa kupokea bei umesogezwa hadi Jumanne saa sita, kwa kila mtu.

Jumanne, saa sita ilipopita, ndipo tulipofungua bei, sisi wawili, tukatia sahihi. Mmoja hakuleta bei. Muuzaji wa mji wa Oulu, euro mia tatu sabini na saba kwa tani. Tauno, mia tatu hamsini. Kajaani walikuwa wamepata gari dogo: mia tatu arobaini na moja. Vigezo vyote vilitimia.

"Tisa tu," nikasema. "Mpigie Tauno ashushe."

"Na Kajaani niwapigie pia? Na Oulu?" Jioni ile uamuzi ukatumwa kwa wote watatu, pamoja na bei zote.

Kesho yake, saa ya kahawa, Tauno akaingia. Akajimiminia kahawa, akavuta kiti mbele ya Sirkka.

"Tisa," akasema.

"Tisa."

"Nimemwambia Eero asubuhi hii. Kashukuru, mjinga yule. Kashukuru!" Akanywa. "Ungeninyamazia ningeshinda."

"Ungeshinda."

"Vipande vya chekechea mtanunua lini?"

"Septemba. Barua utaipata."

"Siku moja na hao wa Kajaani?"

"Saa ile ile nao."

Tauno akatikisa kichwa, na kwa kitambo nilidhani atacheka. Badala yake akavuta sahani ya maandazi ya iliki, akachukua moja, akaligawa vipande viwili, akamsogezea Sirkka kimoja. Sirkka akakishika. Mpaka mwenzake alipofunga mlango na gari lake kunguruma uani, alikuwa bado amekishika.