Mwanamke wa Nyuma ya Mjomba Urho

Aila Kangas alikuwa fundi wa picha katika mji mdogo wa baridi wa Calumet kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo aliwafuta watu wengi kuliko homa yoyote iliyopita mjini pale. Alifuta wakwe waliopewa talaka, wachumba waliotoroka, na jirani aliyekatiza nyuma ya bibi harusi akiwa na ndoo ya samaki. Zamani alifuta kwa brashi nyembamba na wino. Kompyuta ilipokuja alijifunza kuchota majani ya upande huu na kuzibia upande ule, punje kwa punje. Mwaka uliopita, macho yalipoanza kumsaliti, alinunua programu mpya. Unazungushia duara kile usichokitaka, unabonyeza, na pengo linajaa lenyewe.

Mumewe, Reino, alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Aila aliishi juu ya duka, akashuka ngazi asubuhi, akapanda jioni, na majira ya baridi zilikuwepo wiki ambazo sauti pekee aliyoisikia ni ya redio. Watu siku hizi walituma picha kwa simu wakalipa kwa simu. Upweke hakuuita kwa jina lake. Alisema tu kwamba biashara imepoa.

Kwa hiyo mzee Toivo Rautio alipoingia dukani mwezi wa Februari, akikung'uta theluji kwenye buti, Aila alifurahi kupita kiasi. Toivo alikuwa na miaka themanini na mitatu, seremala mstaafu, hakuwahi kuoa. Alitoa bahasha ndani ya koti.

"Binti Kangas, nasikia una mashine ya kuondoa watu."

"Inategemea ni nani, mzee. Mapadre siwaondoi."

"Ni mjomba wangu Urho. Alikufa zamani, hatakushtaki."

Picha ilikuwa ya kiangazi cha mwaka 1946, mkutano wa kanisa, watu wamesimama nyasini wakifinya macho kwa jua. Mbele alikuwepo Toivo mwenyewe, mtoto wa miaka minne mwenye suruali ya kanda za mabegani. Nyuma yake alisimama mjomba Urho, mwanamume mpana kama mlango wa ghala. Na nyuma ya Urho, pembeni, kilionekana kiwiko cha mwanamke na pindo la gauni la maua madogo.

"Huyo ni mama," Toivo alisema. "Hilja. Kifua kikuu kilimchukua msimu uleule. Nyumba iliungua baadaye na picha zote. Hii tu ndiyo imebaki, na huyu nguruwe kasimama mbele yake. Mtoe nimwone."

Hapo ndipo Aila alipaswa kusema. Kamera haikuuona uso wa Hilja; ilimwona Urho. Nyuma ya tumbo la Urho katika karatasi ile hapakuwa na mama aliyefichwa, palikuwa na karatasi tu. Aila alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Lakini mzee alikuwa amevua kofia na kuketi, na alikuwa akitazama mashine kama mtu anayesubiri treni. Aila akasema, "Kompyuta itabahatisha tu, mzee, lakini tujaribu." Neno "kubahatisha" alilitamka chini chini, likapita.

Programu ilileta majibu matatu. Aila aliyatazama peke yake siku ile, kwa sababu mafundi wa picha hawamwonyeshi mteja majaribio. Mteja huona kazi iliyokwisha. Alichagua mwanamke mwenye uso mpole, nywele zimefungwa nyuma, gauni la maua likipanda vizuri kutoka kwenye pindo la kweli. Wengine wawili akawatupa. Akachapisha nakala ndogo, ya ukubwa wa kiganja.

Toivo aliipokea, akaisogeza dirishani penye mwanga. Kisha alizunguka meza, akaishika mikono ya Aila, yote miwili, akaiweka usoni pake palipolowa machozi.

"Ni yeye," alisema. "Mungu akubariki. Ni yeye kabisa, hata hicho kidevu."

Aila alisema, "Karibu, mzee." Basi. Jioni ile alikaa jikoni juu akiitazama mikono yake, akajiona mwema na mwizi kwa wakati mmoja.

Alipofunga faili la kazi ile alifanya kama alivyofanya siku zote: alibakiza picha ya asili, akafuta kazi yenyewe ili kupata nafasi. Kwa miaka thelathini na minne jambo hilo halikumletea shida. Mkono wake ukishafanya kazi mara moja, uliweza kuirudia na ikatoka vilevile. Hakuwaza kwamba safari hii kazi haikufanywa na mkono wake.

Wiki tatu baadaye Toivo alirudi, amenyoa ndevu, amevaa tai.

"Nimeongea na mchonga mawe," alisema. "Theluji ikiyeyuka tunaweka jiwe jipya la mama. Lina kile kisahani cha kauri chenye picha, unavijua. Anataka picha kubwa, ile ndogo yangu haitoshi. Nichapishie kubwa."

Jiwe la kaburi Aila hakulitarajia. Hata hivyo alifungua picha ya asili, akamzungushia Urho duara, na kwa kuwa mzee alishavuta kiti pembeni yake na hakuna namna ya kumfukuza, akabonyeza mbele ya macho yake.

Mwanamke aliyetokea alikuwa na uso wa duara na nywele za mawimbi.

"Huyu nani?" Toivo aliuliza.

"Ngoja, mzee." Akabonyeza tena. Akaja mwembamba, mwenye paji refu, anayetabasamu upande mmoja. Gauni lilikuwa lile lile, kiwiko kile kile. Akabonyeza tena. Huyu alikuwa mzuri kuliko wote, na masikioni alining'iniza hereni.

"Hereni!" Toivo aliruka kitini. "Mama yangu na hereni! Kanisa letu lile wangemtoa nje kabla ya wimbo wa kwanza. Binti Kangas, mashine yako imelewa. Mrudishe yule wangu."

"Siwezi."

"Mwezi uliopita uliweza."

"Mwezi uliopita alikuja kwa bahati." Aila aligeuza kiti wakatazamana. "Mzee Toivo, sikiliza. Unaikumbuka televisheni ya zamani ikikosa stesheni? Zile chenga nyeupe na nyeusi? Nikimfuta Urho, programu inaanza na chenga kama zile mahali alipokuwa. Halafu inazisafisha kidogo kidogo, kila hatua ikijiuliza: kwa nyasi hizi za pembeni, kwa kiwiko hiki na pindo hili, hapa katikati pangefaa kuwe na nini? Imefundishwa kwa mamilioni ya picha za watu wengine. Ikiona gauni la miaka ile, inaleta mwanamke wa mfano ule, ndiyo maana ikamvika hereni, wengi walivaa. Na chenga za mwanzo hupangwa upya kila ninapobonyeza, kama kura. Ukianza na chenga nyingine, unamaliza na mtu mwingine."

"Basi anza na zile za kwanza."

"Kura ile ina namba yake. Ningekuwa nayo, pamoja na duara lile lile na programu ile ile, yumkini angerudi. Programu hii hainionyeshi namba, na kazi yenyewe niliifuta."

Toivo alitazama kioo. Mwanamke wa hereni naye aliwatazama.

"Nina ile ndogo nyumbani," alisema polepole. "Mchonga mawe akiikuza kwa nguvu..."

"Ataikuza. Lakini mzee, yule naye ni kama hawa. Utakuwa umeweka mgeni juu ya kaburi la mama yako."

"Kidevu kile..."

"Kidevu ulikitamani ukakiona. Mashine haijui lolote kuhusu Hilja. Hakuna aliyemwona siku ile isipokuwa waliosimama pale."

Mzee alikunja kofia yake mapajani. Alipouliza, hakupandisha sauti. "Ulijua tangu siku ya kwanza?"

"Nilijua."

"Na ukaniacha niende naye nyumbani."

"Ulinishika mikono," Aila alisema, na aibu ikampanda mpaka masikioni. "Hakuna aliyenishika mikono tangu Reino afe. Sikutaka uiachie."

Toivo alivaa kofia yake. Alisimama, akafunga koti vifungo vyote. "Nikifa, wapwa watakuja kusafisha nyumba," alisema. "Watamwona, watadhani ni bibi yao, watawaonyesha watoto. Njoo kwangu na kalamu. Mkono uliodanganya ndio uandike."

Walitembea hatua zaidi ya mia nne katikati ya kuta za theluji. Nyumba ya Toivo ilikuwa ya chumba kimoja na jiko, safi kama nyumba ya askari. Mezani palikuwa na mkate wa iliki uliokatwa, buli la kahawa, na viti viwili. Picha ndogo ilikuwa katika fremu aliyoichonga mwenyewe kwa mbao, imeegemezwa kwenye kopo la sukari mbele ya kiti cha pili. Na mbele ya picha palikuwa na kikombe, na kahawa ndani yake, imepoa.

Aila aliona, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Kila asubuhi namsimulia maisha yangu," Toivo alisema. "Miaka themanini ya maneno. Nilikuwa nimefika mwaka 1971."

Alitoa picha kwenye fremu, akaigeuza, akailaza mezani. Aila aliandika nyuma kwa wino, kwa herufi kubwa asije mtu akakosea: Huyu si Hilja Rautio. Uso huu ulibuniwa na kompyuta. Hakuna mtu kama huyu. Akaweka tarehe na jina lake kamili. Toivo alisoma mara mbili kidole kikifuata maneno, akatikisa kichwa kukubali, akairudisha picha katika fremu na fremu mahali pake.

"Simtoi nje," alisema. "Ni theluji tupu huko. Lakini jiwe litakuwa na jina tu."

Kisha alichukua kile kikombe, akamwaga kahawa kwenye sinki, akakiosha, akakikausha taratibu kwa kitambaa, akafungua kabati na kukirudisha ndani. Aila alikuwa bado amesimama na koti lake. Katika mji ule hata mtu anayekuja kusoma mita ya umeme haondoki bila kahawa. Buli lilikuwa pale mezani, la moto, mvuke ukitoka mdomoni. Toivo alifunga kabati, akaketi kwenye kiti chake, akatazama dirisha.

Aila alisubiri kidogo zaidi ya ilivyofaa, kisha akavaa glavu na kuondoka.