Mpaka Juu ya Kichuguu

Shamba la mpunga hapa Mofu nimelilima tangu ujana wangu, na majirani zake wote nawajua kwa majina hata waliokwisha kufa. Lakini hati ya kimila sikuwa nayo. Mume wangu alipofariki, ndugu zake wakaanza kusema shamba litarudi kwao. Nikaapa hati itoke kwa jina langu, nami ningali hai.

Siku ya kuhakiki, binti wa idara ya ardhi alinionyesha kompyuta katika ofisi ya kijiji. Alisema ameiwekea kanuni mbili: viwanja visipandane, wala kati yao pasibaki pengo; penye kosa huonyesha wekundu. Kati yangu na jirani yangu mzee, mtani wangu Mpogoro, palikuwa na wekundu wa aina mbili: pengo jembamba kama uzi, na mbele yake kipande ambapo viwanja vyetu vimepandana. Bila kuuondoa, hati hazichapwi, yangu wala yake.

Alisema pengo anaweza kuliunganisha na kiwanja kikubwa, basi likaisha. Kikubwa ni cha mtani. Nikamwambia hapana, twende shambani.

Kule ikajulikana. Siku ya kupima, tuta la mpakani lilikuwa limetoka kukandikwa udongo mbichi. Kwetu hukanyagi tuta bichi, kwa hiyo kila mmoja alipita na mashine ya kupimia chini ya tuta, upande wake. Tuta likabaki halina mwenyewe. Na pale tulipopandana pana kichuguu. Mtani alikizunguka chote, nami nilikizunguka chote, maana sote tunakinga kumbikumbi pale.

"Mtani, wewe meno yamekwisha, kumbikumbi wa nini?" nikamuuliza.

"Nawameza wazima. Wewe kichuguu chote utakipeleka wapi?"

Mbele ya binti na mjumbe wa kijiji aliyefuatana nasi ilinibidi niseme kweli: wazee wetu waligawana mashamba kichuguu kikiwa katikati. Naye akakubali. Tuta lilikuwa limekauka, tukamruhusu binti apande. Akachukua nukta kwa mashine yake katikati ya tuta, moja baada ya nyingine, hadi kileleni mwa kichuguu.

Ofisini akavuta ukingo wangu na wa mtani, zote mbili, zikanasa kwenye nukta zilezile. Akakagua upya. Kwetu wekundu ukafutika, lakini mstari mmoja mwekundu ukabaki, umezunguka mashamba yote. Nikamwambia sitoki hapa mpaka uishe.

"Huo hauishi, bibi," akasema. "Ni ukingo wa nje kabisa. Zaidi ya hapo hatujapima, kwa hiyo kompyuta inadhani ni pengo. Nauandika kuwa unaruhusiwa."

Nikamtaka anirudishie kiwanja changu nikione peke yake. Nikakiona, kimeshikana na cha mtani pasipo nafasi. Akanisogezea fomu na kidau cha wino wa dole gumba. Nikakisukuma pembeni, nikaomba kalamu, nikaandika jina langu herufi moja moja.