Akina Mama Hawakushukuru

Kisasi ni kitamu, asikudanganye mtu. Mimi nilikionja Mahajanga, enzi za Mfaransa, katika kikao chetu cha walimu, na mpaka leo sijajuta.

Ramadhani ile mwalimu wa darasa la pili, mzaliwa wa kisiwa cha Nosy Be aliyejitapa kwamba kwao ni watu wa heshima, aliwanywesha maji watoto waliofunga, mchana, mbele ya wenzao. Eti mwenye kiu hasikii somo. Binti wa dada yangu alikuwa mmoja wao. Akakataa shule, na dada, ambaye Kifaransa hakijui, akaapa kumtoa kabisa.

Wazazi wakaitwa mkutanoni. Baba wengi walikuwa Nosy Be kwenye kiwanda cha sukari, kwa hiyo mwalimu mkuu, Mfaransa, akawasha kinasa sauti ili nao wapelekewe utepe wasikie. Mimi nililala na homa. Na mkalimani alikuwa nani? Huyo huyo wa darasa la pili!

Jumatatu mwalimu mkuu akatukusanya. Alisema hatataja mzazi wala mwalimu, atapitia hoja na la kufanya. Kwanza, kengele ya asubuhi inagongana na chuo cha Kurani, basi itapigwa saa moja baadaye hadi Idi. Pili, paa linalovuja litazibwa kabla ya mvua.

"Tatu," akasema, "akina mama wanashukuru kwa maji mnayowapa watoto mchana. Endeleeni."

Uongo! Dada alikuwa amenisimulia neno kwa neno aliyoyasema mkutanoni, na shukrani haikuwemo. Nikaomba tuisikilize hoja ya tatu kabla utepe haujasafirishwa. Jamaa wa darasa la pili akasema muda umekwenda. Mwalimu mkuu akaurudisha utepe nyuma, na sauti ya dada ikatoka, kwa Kingazija, lugha yetu ya nyumbani, imejaa hasira. Wenzangu wanaokijua wakainama. Mkuu akanigeukia, dada kasema nini?

Ningeweza kumwambia. Wee, nimwokoe jamaa asiyatamke mwenyewe?

"Mkalimani tunaye," nikasema. "Atafsiri yeye, sisi tunasikia."

Utepe ukawa unasimamishwa kila sentensi. Alipozungukazunguka nilimrudisha. Mwosha huoshwa. Mwishowe akasema, macho sakafuni: "Mwanangu alikunywa akilia, na mwalimu amemshika shingo."

Sikumhurumia hata chembe. Mwalimu mkuu akafuta hoja ya tatu na kuisema upya: hakuna mtoto atakayenyweshwa tena, na yeye mkuu mwenyewe atakwenda kwa wazazi kuwaomba radhi. Binti yetu akarudi darasani wiki ile ile.

Kikao kilipovunjika, jamaa aliniuliza kwa unyonge kama utepe ule lazima uende Nosy Be, maana una sauti ya dada na kisha tafsiri ya uongo aliyoitoa yeye, na kule wapo wanaojua lugha zote mbili, baba yake akiwemo.

Nikamwambia lazima. Nikaufunga mimi mwenyewe.