Waya Mwekundu Ndani ya Maji

Miaka ya tisini, nikisomea uinjinia Dar, nilifanya mafunzo ya vitendo nyumbani Mpanda, kwenye karakana moja pale Kashaulili. Injinia wetu, mtu asiyependa porojo, alitaka kutengeneza hita ya maji. "Kwanza niambie waya huu utahimili joto kiasi gani majini."

Nikakokotoa kwa joto la kugeuza maji kuwa mvuke, msongamano wa mvuke na mvutano wa uso wa maji. Nikapata kikomo cha wati milioni moja na laki moja hivi kwa kila mita ya mraba ya waya.

Tukauzamisha waya kwenye sufuria ya maji yanayochemka taratibu jikoni, tukaongeza umeme kidogo kidogo. Mwanzo maji yaliuzunguka kimya. Kisha vipovu vikachomoka kimoja kimoja, halafu vikapanda kwa misururu. Kipimajoto cha maji kiligoma kwenye nyuzi tisini na sita.

"Kibovu hiki!" nikafoka.

Akaleta kingine. Tisini na sita.

Aibu ikanishika. Mpanda iko juu, hewa ni nyepesi, maji huchemka kabla ya kufika mia, na mimi nilikuwa nimekokotoa mvuke wa pwani. Nikarudia: kikomo kikashuka, lakini kidogo tu.

Tukaongeza tena. Tulipokaribia kikomo kile kipya, vipovu vikaungana ghafla, mvuke ukaufunika waya. Ukawa mwekundu, ukakatika.

Injinia akainama juu ya sufuria. "Umeungua ndani ya maji?"

"Maji yalikuwa hayaugusi tena."

"Kumbe umekufa kwa kiu."