Mkasi wa Kioski

Mwezi wa saba, Majengo hupata baridi inayoingia hadi ndani ya godoro, na mwaka huo mafua yalipita ploti yetu chumba kwa chumba. Nilikuwa nachora keki ukutani kwa chaki, keki za duka ambalo bado sijafungua, na Cucu, nyanya yangu, alikuwa kitandani akipumua kwa mdomo. Cucu ni mtu wa presha, na kliniki ilishamwambia kwamba moyo wake hupiga bila mpango.

Jirani yetu, mama mwenye kioski, akaingia na mkasi. Yeye hauzi karatasi nzima ya tembe. Hukata moja moja, na jina la dawa hubaki kwenye kipande kinachorudi mkebeni.

"Shika, Cucu. Hizi zinafungua pua kama mlango."

"Na hii presha yangu?"

"Ai! Si hata mimi niko nayo? Na si unaniona nimesimama?"

Cucu akacheka, akameza mbili kwa chai. Pua ikafunguka kweli, hata akaimba kidogo. Saa sita mchana akameza zingine mbili.

Kabla ya chai ya jioni akaniita kwa sauti ndogo. "Kuja usikie hii kitu." Akaweka mkono wangu kifuani pake. Moyo ulikimbia, ukanyamaza, ukaruka, kama kuku ndani ya gunia. Kisogo kilikuwa kinamuuma.

Hospitalini daktari alimpima presha, akampima tena, kisha akamwekea nyaya kifuani. Aliitazama ile karatasi ya mapigo kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka.

"Amekunywa nini?"

Nilimpa kipande cha karatasi ya fedha kisicho na neno hata moja. "Ya homa. Ya kufungua pua."

"Hiyo hukaza mishipa ya damu puani, ndiyo maana pua inafunguka. Lakini haichagui pua. Inakaza mwili mzima, presha inapanda, na moyo kama huu unachanganyikiwa." Akasema kwa mafua Cucu atumie maji ya chumvi puani na panadol ya kawaida, isiyochanganywa na kitu. Dawa nyingine yoyote, tuulize kwanza.

"Na moyo utatulia?"

"Tunamlaza. Tutaona."

Asubuhi presha ilikuwa imeshuka. Moyo ulikuwa bado unaruka. Nilirudi nyumbani kumchukulia Cucu leso, nikapitia kioski. Jirani alikuwa na macho mekundu, pua imeziba, mkasi mkononi. Nikamweleza yote, nikamshika mkono asikate.

"Wee, Cucu amezeeka. Presha yangu imezoea. Enda uchore keki zako."

Alikuwa anatabasamu. Nami sikuuachilia mkono wake, kwa sababu chini ya vidole vyangu mshipa ulikuwa unakimbia, ukanyamaza, ukaruka.

"Mama," nikamwambia, "umeshameza ngapi?"