Kadi Zenye Sababu za Wakili

Mjukuu wangu, ambaye ndiye anayeniandikia maneno haya, alikuwa ameanguka mtihani wa sheria mara mbili, na chuo kilimwonya kwamba akianguka tena ataondolewa. Kwa hiyo alifupisha kila kesi katika kadi moja: kilichotokea, uamuzi wa mahakama, na sababu ya uamuzi huo. Siku moja kabla ya mtihani, nyumbani kwetu Busanza, nilimwamuru anisomee, kwa kuwa mimi sikusoma.

Alisoma kwamba mume aliuza kiwanja cha familia bila ridhaa ya mkewe, na mahakama ikafuta mauzo kwa sababu hapakuwa na mashahidi.

“Kwa hiyo mashahidi wangekuwepo, mke angepoteza kiwanja?”

“Bibi, usinichanganye.”

“Nimekuuliza. Jibu.”

Alifungua hukumu yenyewe. Hoja ya mashahidi ilikuwa ya wakili wa mke. Mahakama, kurasa mbili mbele, ilisema kasoro ni kukosekana kwa ridhaa ya mke. Hukumu hutanguliza hoja za pande zote, kisha maoni ya mahakama, naye alikuwa ameishia kwenye hoja. Alichomoa kadi nyingine, na nyingine tena. Zote zilibeba maneno ya mawakili.

“Bibi, ziko themanini.”

“Anza na hii.”

Hadi jua linazama alikuwa amesahihisha kumi na moja. Nilitamani kumwambia kwamba zinatosha, lakini sijawahi kumdanganya mtoto. Asubuhi alikunywa chai, akaenda kwenye mtihani, na hakuna kati yetu aliyetaja kufaulu.